Kumbukumbu ya mradi: fremu za milango ya nyumba yangu Nzuguni, ndimi, kabari na mbao zisizopinda

Wakuu, naendelea na fremu. Mlango wa chumba cha kwanza umeshafungwa, kwa hiyo naandika hapa nilivyoenda nao, maana wengi wanaojenga huku Dodoma wanauliza mbona fremu ikiwekwa nzuri baada ya miezi mitatu pembe inaachia na mlango unaanza kugoma.

Kabla ya kukata chochote nilienda kuangalia fremu iliyong'olewa kwenye nyumba moja ya kupanga, nikafungua ile kona. Hakukuwa na kiungo kabisa, kichwa cha fremu kimelazwa juu ya miimo halafu misumari ya inchi 4 ikapigwa. Msumari umeingia kwenye mwimo kwa kufuata nyuzi, na msumari ukiingia hivyo haushiki kitu, ubao ukishakauka kidogo tu unalegea. Mwanya ulikuwa unaingiza sarafu. Na pembeni ya msumari alama nyeusi ya kutu, ina maana mbao ilipigwa ikiwa bado na maji.

Hapo ndipo kesi yote ilipo. Mbao zetu nyingi za paini zinatoka Mafinga, kule kuna baridi na unyevu, zinashushwa hapa kwenye jua na upepo wa mwezi wa nane. Mbao iliyokaa hewani huku kiangazi inatulia kwenye unyevu wa kama asilimia 9 hadi 11. Ile ya kwenye lori inaweza kuwa 20 au zaidi. Paini iliyopasuliwa kawaida inasinyaa kwa upana karibu robo ya asilimia kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayotoka, kwa hiyo ikishuka toka 20 hadi 10, ubao wa milimita 145 unapungua kama milimita 3 na nusu. Kwa urefu haupungui kitu cha kuonekana. Kumbuka hilo, linarudi kwenye kabari.

Nilinunua 2 kwa 6 nikazipanga kivulini nyuma ya nyumba, chini tofali, kila safu vijiti vya inchi 1 kila baada ya nusu mita, na vijiti vyote vimesimama mstari mmoja toka chini mpaka juu, la sivyo ubao unapinda palepale ulipoegemea hewa. Juu nikaweka tofali za uzito. Ncha zote nilipaka rangi ya mafuta iliyobaki, maana maji yanatoka haraka sana nchani na kwa upepo wa huku ncha inapasuka kabla katikati haijaanza kukauka.

Kujua kama imekauka sikutumia macho. Nilikata kipande, siyo nchani bali nusu mita kwa ndani, nikapima kwenye mizani ya jikoni: gramu 212. Nikakiweka kwenye oveni nyuzi kama 100 mpaka uzito ukagoma kushuka, ikabaki 184. Unatoa, 28, unagawa kwa 184, unapata asilimia 15. Bado. Nikaziacha, nikaja kupima tena kipande kingine ikasoma 11 ndiyo nikaanza kazi. Hata hapo nilipiga randa ya kwanza nikabakiza milimita 3, nikaziacha siku kadhaa ndani, kwa sababu ukiondoa ngozi ya juu ubao unajinyoosha au unajikunja upya. Zilizosokota nilizijua kwa kuweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, nikachungulia kama vimelingana. Zisizolingana zimeenda kwenye kenchi za banda.

Sasa kiungo. Baada ya randa mwimo ni milimita 145 kwa 45. Ribeti, ile ngazi ambayo mlango ukifungwa unakaa ndani yake, inakula 45 kwa upana na 12 kwa kina, zinabaki 100 ambazo hazijaguswa. Humo ndani ya 100, kwenye ncha ya juu ya mwimo, nilichonga ndimi mbili za kuingia kwenye matundu ya kichwa: bega 20, ulimi 20, nafasi 20, ulimi 20, bega 20. Mbili zinashika vizuri kuliko moja nene, na kichwa cha fremu hakipotezi nyama nyingi sehemu moja. Matundu yako kwenye kichwa, yanapita mpaka juu, na urefu wa tundu, ile 45, unafuata nyuzi za kichwa. Ukilaza tundu kinyume cha nyuzi umekata kichwa vipande viwili. Kichwa nilikiacha kirefu, masikio ya kama 75 kila upande, patasi ikifanya kazi karibu na ncha bila masikio inapasua tu.

Kitu ambacho watu wanakisahau: upande wa ribeti bega la mwimo lazima liwe juu zaidi kwa milimita 12, maana kichwa hapo kimechongwa kikawa chembamba. Ukikata mabega yote sawa, ndani ya ribeti unaona mwanga.

Fundi mmoja mzee jirani, aliyezeekea kwenye useremala, alipita akachungulia matundu yangu. Nikamsalimu, shikamoo mzee, akasema, "Marahaba kijana wangu, sasa hilo tundu lipanue kwa juu, ulimi uvimbe kama mkia wa njiwa." Ndivyo nilivyofanya. Tundu chini ni 45, juu nimelifungua milimita 3 kila mwisho. Kwenye ulimi nimekata mistari miwili ya msumeno, milimita 6 toka kila ukingo, robo tatu ya kina, na chini ya kila mstari katobo ka milimita 3 ili ulimi usiendelee kupasuka. Gundi nyeupe, nikafunga clampi, nikapima pembe kwa pembe mpaka zikawa sawa, halafu kabari za mninga mkavu kwenye ile mistari ya msumeno, unagonga hii mara moja, ile mara moja, mpaka mlio wa nyundo unabadilika na kuwa mzito. Kabari zinasukuma kuelekea ncha za tundu tu. Ukizigeuza zikasukuma ubavuni, kichwa kinachanika kufuata nyuzi.

Faida yake ni hii: hata ulimi ukisinyaa tena, ile 45 haitapungua hata milimita 1, na tundu halipungui kwa sababu linafuata urefu. Kwenye fremu ya misumari kusinyaa huko kungekuwa mwanya. Hapa ulimi umeshavimba juu zaidi ya mdomo wa tundu, hautoki.

Kupinda kwa miimo nimepambana nako hivi. Angalia pete kwenye ncha: ubao ukikauka pete zinataka kunyooka, upande wa moyo unavimba nje na ule mwingine unakuwa bakuli. Upande wa moyo nimeuelekeza kwenye mlango, ili kingo zibaki zimebana ukuta. Na mgongo wote nimepaka praima mara mbili kabla ya kusimamisha, pamoja na ncha za chini, kwa sababu plasta mbichi inanywesha mgongo wakati uso unapigwa na upepo, na hapo hata mbao kavu itapinda tu.

Chini nimepigilia ubao wa kushika upana ule ule wa juu, na mwingine wa mshazari. Hauondolewi mpaka plasta ikauke, mafundi wa plasta wanapenda kuung'oa wapitishe toroli, nimewaambia wazi wapite dirishani. Madirisha ya nje yatakuwa ya mninga, hausinyai sana kama paini, mbao ziko kwenye vijiti na kipimo cha mwisho kilisoma 13, kwa hiyo bado.