Hela ya mama ilikwama siku nne kisa jina, hivi ndo ilivyotoka

Jamani afadhali imeingia leo. Nipo Uingereza, nilimtumia mjomba Mombasa pauni 300 za dawa za mama, kwenye apu ikaandika tu "under review" na pesa kwangu ishakatwa.

Nikamuuliza mjomba kama namba yake ina shida, haina. Nikatuma nyingine ndogo, nayo ikashikwa. Nikataka kubadili spelingi ya jina, bahati dada wa kastama kea akaniambia nisithubutu, itaonekana najaribu kukwepa ukaguzi.

Kumbe kompyuta yao inalinganisha majina na orodha za watu waliowekewa vikwazo, ya Umoja wa Mataifa, ya Uingereza na zinginezo, na mimi niliandika majina mawili tu ya mjomba, Ahmed Mohamed, sasa hao wako wangapi pwani? Likifanana kidogo tu, malipo yanasimama mpaka mtu akague.

Kilichosaidia ni tarehe ya kuzaliwa. Zile orodha mara nyingi zina tarehe na mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo mkaguzi akiona wa kwako kazaliwa mwaka mwingine, mji mwingine, anamtofautisha. Nikajibu ile imeili yao yenye namba ya muamala: picha ya kitambulisho cha mjomba pande zote mbili, majina yote matatu kama yalivyo pale, alipozaliwa, undugu wetu, na risiti ya dawa. Picha ya kwanza ilikataliwa, mwanga ulifunika mwaka, nikarudia. Kesho yake asubuhi zikaachiwa.