Nilivyopata herufi za kwanza za majina ya watu 264 kwa fomula moja

Nilipewa orodha ya majina 264 kwenye Excel, yote yameandikwa kwa ukamilifu ndani ya safu A, nikaambiwa nitengeneze ratiba ya zamu. Visanduku vya ratiba ni vyembamba, jina zima haliingii, kwa hiyo kila mtu alitakiwa aonekane kwa herufi zake za kwanza tu. Kuandika kwa mkono kungenimalizia siku, na orodha yenyewe ilikuwa inaongezewa watu kila wiki.

Nilianza na fomula ambayo wengi wetu tunaijua:

```
=LEFT(A2,1)&MID(A2,FIND(" ",A2)+1,1)
```

LEFT inachukua herufi ya kwanza. FIND inatafuta nafasi ya kwanza ndani ya jina, halafu MID inachukua herufi inayoifuata. Asha Omari akawa AO, nikafurahi. Nikaiburuta hadi chini, na ndipo nilipoona kwamba Asha Omari Saidi naye amekuwa AO. Fomula inaishia kwenye nafasi ya kwanza, haijui kama mbele kuna jina jingine.

Nikatunga ya majina matatu, yenye FIND ndani ya FIND ili kuitafuta nafasi ya pili. Hiyo ilimpa Asha Omari Saidi herufi zake tatu, lakini wenye majina mawili wote wakageuka #VALUE!, kwa sababu FIND isipokipata inachokitafuta inarudisha kosa. Ukitaka na majina manne, FIND zinapandana hadi fomula haisomeki, na inabidi uzizungushie IFERROR kila mahali. Siku moja nzima nilihangaika hapo. Nilifikia hadi kuigawa orodha mafungu matatu kwa idadi ya majina, kila fungu na fomula yake. Ilifanya kazi, ila mtu akiongezewa jina la babu tu, yuko kwenye fungu lisilo lake.

Kilichonitoa ni kuacha kuzitafuta nafasi na badala yake kuzitanua. Kila nafasi moja iliyo kati ya majina naibadilisha kuwa nafasi 100. Majina yanatupwa mbalimbali, kisha nakata maandishi vipande vya herufi mia mia, na kila kipande kinakuwa kimebeba jina moja.

Tumtazame Asha Omari Saidi. Kabla ya kutanua, majina yake yamekaribiana. Baada ya kutanua, Asha anakaa namba 1 hadi 4, nafasi zinaanzia 5 hadi 104, Omari anakaa 105 hadi 109, nafasi tena 110 hadi 209, na Saidi anakaa 210 hadi 214. Sasa kata kuanzia 101, urefu wa 100. Kipande hicho kina nafasi nne, jina Omari, na nafasi tupu zilizobaki. TRIM inazifuta nafasi za pembeni, linabaki Omari, na LEFT inachukua O. Ukikata kuanzia 201 unampata Saidi. Ukikata kuanzia 301 hupati kitu, na hapo ndipo uzuri wa njia hii ulipo: pasipo na jina, LEFT inarudisha utupu, hairudishi kosa. Kwa hiyo fomula ile ile inamhudumia mwenye majina mawili, matatu na manne, bila IFERROR hata moja.

```
=UPPER(LEFT(B2,1)
&LEFT(TRIM(MID(SUBSTITUTE(B2," ",REPT(" ",100)),101,100)),1)
&LEFT(TRIM(MID(SUBSTITUTE(B2," ",REPT(" ",100)),201,100)),1)
&LEFT(TRIM(MID(SUBSTITUTE(B2," ",REPT(" ",100)),301,100)),1))
```

REPT ndiyo inayozalisha zile nafasi 100. UPPER nimeiweka kwa ajili ya walioandikwa kwa herufi ndogo. Mwenye majina matano atapata manne ya mwanzo tu. Ukimtaka wa tano, ongeza mstari mwingine unaoanzia 401. Na kama kompyuta yako inatenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato badala ya mkato, badilisha zote, la sivyo itakataa.

Utaona fomula inasoma B2, wala si A2. Hilo nililijifunza kwa shida. Mara ya kwanza niliielekeza moja kwa moja kwenye A2, nikaituma ratiba, na jioni mwenzangu akanipigia: "Kaka, huyu A peke yake ni nani? Hatuna mtu wa jina moja." Nikamfungua. Jina lake lilikuwa na maneno matatu kamili, yanaonekana vizuri kabisa kwa macho. Lakini lilikuwa limenakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti, na nafasi zake hazikuwa nafasi za kawaida. Zilikuwa zile zisizokatika mwisho wa mstari, zenye namba 160, wakati nafasi ya kawaida ni namba 32. Kwa macho hazina tofauti. SUBSTITUTE yangu ilikuwa inatafuta ya 32, haikuiona, ikalihesabu jina zima kuwa neno moja. TRIM nayo haiigusi ya 160.

Wa namna hiyo anajitokeza haraka kwa sababu ana herufi moja. Aliyenitia hofu ni yule ambaye nafasi yake ya kwanza ni ya kawaida na ya pili ni ya 160: anapata herufi mbili, na kila kitu kinaonekana sawa. Kuwatafuta wote niliweka hii kwenye safu ya pembeni, nikachuja waliotoa TRUE:

```
=ISNUMBER(FIND(UNICHAR(160),A2))
```

Walitoka 19. Tangu hapo sifanyi kazi na safu A kama ilivyo. Safu B inalisafisha jina kwanza, ndipo safu C inatoa herufi:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

TRIM hapa inafanya kazi mbili. Inaondoa nafasi iliyotangulia jina, na nafasi mbili zilizofuatana katikati inazifanya moja. Bila hiyo, jina lililoanza na nafasi linaanza na herufi tupu.

Baadaye nilipata Excel ya Microsoft 365, ambayo ina TEXTSPLIT, na fomula yangu ndefu ikawa mstari mmoja usiojali idadi ya majina:

```
=UPPER(CONCAT(LEFT(TEXTSPLIT(B2," "))))
```

TEXTSPLIT inalikata jina kwenye kila nafasi, LEFT inachukua herufi moja ya kila kipande, CONCAT inaziunganisha. Ni nzuri sana, lakini faili likifunguliwa kwenye Excel ya zamani fomula haifanyi kazi. Ratiba yetu inafunguliwa na watu wengi wenye kompyuta za kila aina, kwa hiyo ile ndefu bado ndiyo iliyomo.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna fomula ya kukata majina inayoweza kulimaliza: watu wawili kupata herufi sawa. Asha Omari Saidi na Ali Othman Salim wote ni AOS. Nawatambua kwa `=COUNTIF(C:C,C2)>1`, kisha hao wachache nawaongezea namba kwa mkono, AOS1 na AOS2, na naiandika kwenye safu ya peke yake ili fomula isiifute.