Nilivyoandika barua mbili kwa kampuni ya intaneti, ya kwanza wakaitupa

Mimi nafundisha Kiswahili mtandaoni nikiwa Kansanga hapa Kampala, wanafunzi wangu wengi wako nje na muda wao wa kusoma ndio usiku wetu, kuanzia saa 2 mpaka saa 5. Sasa kwa miezi kama miwili hivi kila ikifika saa 2 na nusu sauti inaanza kukatika, namsikia mtu anasema "mwali... mu... akuwa" halafu kimya, halafu maneno yote yanakuja kwa mpigo kama yamefunguliwa bomba. Mdogo wangu naye chumba cha pili anapiga kelele gemu inalaga, ameshauawa kabla hajamwona adui. Asubuhi hakuna kitu, intaneti inateleza kama siagi.

Nikapiga kastama kea. Dada wa watu akaniambia kwa heshima kabisa, "ssebo, zima rauta subiri dakika 2 uwashe." Nikazima. Siku ya pili akaniambia nifanye spidi testi, nikafanya, ikatoa megabiti 18 kwenye kifurushi cha 20, akasema basi uko sawa. Siku ya tatu mwenzake akaniambia ni kebo ya baharini. Hiyo ya kebo ndiyo iliyoniudhi, maana Uganda haina bahari, hizo kebo zinatia nanga Mombasa na Dar, na mimi nilikuwa nahisi pakiti zangu, yaani vile vipande vidogo ambavyo data inakatwa ili isafiri, hazifiki hata mji wa Jinja.

Spidi testi inadanganya kwenye hili tatizo na inabidi nieleze kwa nini. Inafungua njia kadhaa kwa pamoja na kusukuma data kwa sekunde chache, pakiti ikipotea inatumwa tena, wewe unaona namba ya mwisho tu. Sauti ya simu haina hiyo nafasi. Kwa kawaida kila pakiti inabeba milisekunde 20 za maneno, yaani pakiti 50 kwa sekunde, ikipotea imepotea, hakuna mtu atakayesubiri irudiwe wakati wewe unaendelea kuongea. Ukipoteza 7 kwa kila 100 ni pakiti 3 au 4 kila sekunde, na kwa kawaida hazipotei moja moja kwa mpangilio, zinaondoka kwa mafungu, hapo silabi nzima imekwenda.

Nikaandika barua ya kwanza nikiwa na hasira. Nikapiga skrinshoti ya `mtr` (ni programu inayotuma pingi, yaani vipakiti vya kuuliza "upo?", kwa kila kituo kati yako na seva na kuonyesha wapi zinapotea), nikaona kituo cha 5 kina upotevu wa asilimia 68, nikakizungushia duara jekundu, nikaandika "HAPA NDIPO MNAPONIIBIA." Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, mistari miwili: mheshimiwa, tazama mstari wa mwisho, ni sifuri, tumefunga tiketi.

Na walikuwa na haki! Aibu niliyoipata acha tu. Rauta kubwa za kampuni kazi yake ni kupitisha pakiti, hiyo inafanyika haraka sana kwenye chipu maalumu, lakini kuijibu pingi inayoulizwa yenyewe ni kazi ya pembeni na wengi wanaiwekea kikomo makusudi. Kwa hiyo kituo cha katikati kinaweza kuonekana kinapoteza nusu ya pingi ilhali pakiti zinazopita hapo zinafika zote. Upotevu wa kweli unajulikana hivi: unaanza kituo fulani na unaendelea kwenye vituo vinavyofuata mpaka wa mwisho kabisa. Ukianza na kuishia hapo hapo, achana nao. Halafu kosa la pili, ile skrinshoti niliipiga saa 9 alasiri. Nalalamikia usiku, ushahidi wa mchana.

Nikaanza upya, safari hii taratibu. Kwanza nilitaka nijihakikishie mwenyewe kwamba kosa haliko ndani ya nyumba, maana waifai ya hapa kwetu imebanwa na waifai za majirani kama 15. Nikanunua kebo ya mtandao ya mita 5, nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye rauta, nikazima waifai kabisa wakati wa kupima. Mdogo wangu akanuna dakika 5 kila usiku kwa wiki nzima. Ila kuzima kulisaidia kwa namna nyingine, kwa sababu nikagundua simu yangu mwenyewe ilikuwa inapandisha picha mtandaoni saa 3 kamili kila siku, na kifaa kimoja kikijaza njia ya kupandisha, pakiti za wengine zinapanga foleni ndani ya rauta na muda wa kujibiwa pingi unapanda hadi mamia ya milisekunde. Hiyo ningeiandika kwenye barua ningeaibika mara ya pili.

Amri niliyotumia kwenye laptopu yangu ya Ubuntu ni hii, pingi 300, moja kila sekunde, yaani dakika 5:

```
mtr -rn -c 300 -o "LSABW" 1.1.1.1
```

Nilipima mara 3 kwa siku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, kwa siku 7. Vipimo 21, kimoja cha usiku nikakitupa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kurudi katikati. Hiki hapa ni cha Jumanne usiku, nimeacha mistari inayohusika:

```
                 Loss%   Snt    Avg  Best   Wrst
1. 192.168.1.1    0.0%   300    0.6   0.4    2.1
2. 100.64.0.1     7.3%   300  142.8   6.9  611.4
7. 1.1.1.1        7.7%   300  149.5  11.2  630.7
```

Mstari wa 1 ni rauta yangu: haijapoteza hata pakiti moja, muda wake haufiki milisekunde moja kwa wastani, basi nyumba yangu imetoka kwenye kesi. Mstari wa 2 ni mlango wa kampuni, upande wa pili wa antena iliyo juu ya paa langu inayoniletea intaneti kutoka mnara wao, na upotevu unaanzia hapo na kufika mwisho ukiwa karibu ule ule, pakiti 22 na 23 kati ya 300. Sasa tazama Best, jibu la haraka kuliko yote: 6.9. Njia hiyo hiyo ikipata nafasi inajibu kwa milisekunde 7, na sekunde chache baadaye inajibu kwa 611. Siku hiyo hiyo asubuhi wastani wa mstari wa 2 ulikuwa 9 na upotevu 0. Na pakiti ikiwa kwenye mstari wa 2 bado haijatoka Kampala, kwa hiyo ile hadithi ya kebo ya baharini ilifia hapo.

Kuna jambo moja ambalo nilijibishana nalo kabla ya kuandika. Kati ya rauta yangu na ule mlango kuna antena yangu, hewa, na mnara wao, huenda antena yangu imepinda tu kwa upepo. Lakini antena iliyopinda haiangalii saa, ingesumbua asubuhi pia, na mvua ikinyesha ingezidi. Alhamisi alasiri ilinyesha mvua ya Kampala ile ya kufunga barabara na kipimo kikatoka safi. Vipimo 6 vya usiku vyote vilikuwa vibovu, kati ya asilimia 4.7 na 9.3. Kinachofuata saa namna hiyo ni watu: tumerudi nyumbani wote, tumefungua video wote, na upande wetu wa mnara, wenyewe wanauita sekta, tunagawana njia moja.

Barua ya pili nikaiandika ukurasa mmoja, bila herufi kubwa za kufoka. Nikaanza na namba ya akaunti na ile tiketi waliyoifunga, halafu nikakiri kosa langu, nikasema kipimo cha kwanza nilikisoma vibaya na hiki nakituma badala yake. Nadhani hiyo sentensi ndiyo iliyomfanya mtu wa ndani aendelee kusoma. Katikati niliandika hivi (nilipeleka kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa lugha yetu):

"Tatizo linatokea kati ya 20:30 na 23:00, saa za Kampala. Limepimwa kwa kebo, waifai ikiwa imezimwa, hakuna kifaa kingine kinachotumia. Linaanza kwenye kituo cha kwanza baada ya rauta yangu na kuendelea hadi mwisho. Halipo asubuhi wala alasiri. Naomba mtazame grafu ya matumizi ya sekta inayohudumia antena yangu kwa saa hizo."

Saa niliandika kwa mtindo wa 24 ili injinia azilinganishe na grafu zake bila kukisia, na mafaili yote 20 nikayaambatanisha kama maandishi, sio picha. Mwisho nikaomba mambo mawili, warekebishe au wanipunguzie bili kwa saa ambazo huduma haifai, na nikasema nisipojibiwa kwa siku 14 nitapeleka UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, maana inataka uwe umelalamika kwanza kwa kampuni ndipo iguse jambo lako, na barua hii ndiyo ushahidi kwamba nimelalamika. Nilisema mara moja tu, bila vitisho.

Siku ya nne akanipigia injinia mwenyewe, sio kastama kea. Hakuomba nizime rauta. Akasema, "kaka, hiyo sekta imejaa, tunajua, hatukuwa na mteja wa kutuonyesha inavyouma." Hiyo "tunajua" ilinichoma lakini nikanyamaza. Jumamosi wakaja mafundi wawili na boda, wakapanda paani, wakaigeuza antena kuelekea mnara mwingine upande wa Makindye. Usiku huo nikapima: wastani wa mstari wa 2 ukawa 31, upotevu 0.3, yaani pakiti 1 kati ya 300. Sio kama asubuhi, na siku za mechi kubwa bado inapanda mpaka 80 hivi, lakini mwanafunzi anasema "mwalimu umechelewa" naisikia yote. Kwenye bili walinipa siku 7 za bure, nilikuwa nimeomba mwezi.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alivyosikia akaja na soda akataka nimwandikie na yeye barua kama ile, kampuni ni ile ile. Nikamwambia mama ngoja kwanza tupime. Laptopu ikiwa sebuleni kwake kwa waifai, mstari wa 1 ukasoma upotevu wa asilimia 12. Rauta alikuwa ameiweka nyuma ya friji, kaifunika na kitambaa cha kudarizi ili isipate vumbi. Tukaitoa tukaiweka juu ya kabati la vyombo, ikashuka mpaka 0.7. Soda nilikunywa, barua sikuandika.