Tumbili Aliyepiga Kelele Mbele ya Chui

Mwaka 1987 nilikuwa mwanafunzi wa zoolojia, na nilipelekwa Amboseli, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, kumsaidia mhadhiri wangu kufuatilia makundi ya tumbili waliokuwa wakiishi katika migunga ya kando ya mabwawa. Ulikuwa mwaka mgumu kwa wanyama hao, kwa sababu chui walikuwa wakiwaua kwa kasi isiyo ya kawaida, na mara kwa mara tulipofika asubuhi na daftari letu la majina tuliwakuta baadhi yao hawapo. Kwa hiyo sikushangaa sana siku tuliyomwona chui mwenyewe. Kilichonishughulisha, na kinachonishughulisha hadi leo, ni tabia ya jike mmoja aliyemwona chui huyo kabla yetu.

Jike huyo tulimwita Pengo, kwa kuwa sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika na kuacha nafasi iliyoonekana kwa mbali. Alikuwa wa cheo cha juu katika kundi lake. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya mgunga, akila gundi iliyotoka kwenye gome, hali wanawe wawili wadogo, mmoja wa mwaka uliopita na mwingine wa mwaka wa kabla yake, walikuwa chini wakichimbua nyasi pamoja na kitoto cha binti yake mkubwa. Binti huyo alikuwa hatua chache pembeni. Tumbili wengine wa kundi walitawanyika hadi kwenye vichaka vya mswaki. Mimi nilikuwa nikiandika, na askari wa wanyamapori aliyefuatana nasi alikuwa ameegemea gari.

Ghafla Pengo aliacha gundi, akakaza shingo, akatoa mlio mfupi mkali, akaurudia tena na tena bila kutua. Dume mmoja mkubwa wa kundi akajibu kwa kubweka. Kufumba na kufumbua wale wadogo walikuwa wamefika juu ya mti, wakapanda hadi kwenye matawi membamba ya nje ambako chui hawezi kuwafuata kwa sababu ya uzito wake. Pengo hakwenda nao. Alishuka tawi moja, akabaki mahali anapoonekana waziwazi, akiendelea kupiga kelele huku akiangalia kichaka kimoja tu.

“Usimtazame tumbili, ndugu yangu,” askari aliniambia kwa sauti ya chini. “Tazama anakotazama yeye.”

Nilipofuata macho yake nikaona madoa, kisha sikio, kisha bega la chui aliyelala kifudifudi ndani ya mswaki.

Msomaji aelewe kwamba ule haukuwa ukelele wa hofu tu. Tangu miaka ya 1960 Thomas Struhsaker, aliyefanya utafiti wake palepale Amboseli, alikuwa ameeleza kwamba tumbili wana milio tofauti kwa maadui tofauti. Baadaye Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi milio hiyo, wakaficha spika vichakani na kuwasikilizisha tumbili wakati ambapo hapakuwa na adui yeyote. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1980. Waliposikia mlio wa chui, tumbili waliokuwa chini walikimbilia mitini. Waliposikia wa tai, walitazama angani au wakajitosa vichakani. Na waliposikia wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Mlio wenyewe ulitosha kuwaambia la kufanya. Pengo, basi, aliwapa wenzake habari kamili, na kwa kufanya hivyo alimwonyesha chui mahali alipo.

Jioni tulipokaa kambini nilimwambia mhadhiri wangu maneno ambayo wanafunzi wengi wangeyasema: kwamba Pengo amejitoa kwa ajili ya kundi, kwa sababu kundi lisilo na walinzi huangamia.

“Kundi gani, kijana?” aliniuliza. “Nitajie waliokuwa chini ya mti.”

Nikawataja. Kisha akanitaka nifikirie jike wa pili katika kundi hilohilo, ambaye husikia onyo la wenzake na kukimbia kama kawaida, lakini yeye mwenyewe akiona chui hunyamaza na kujificha. Jike huyo anapata faida yote bila kulipa chochote. Ataishi muda mrefu kidogo kuliko wanaoonya, atazaa kidogo zaidi, na ikiwa ukimya wake unarithiwa, vizazi vichache baadaye kundi litajaa watu wa namna yake, hata kama kundi zima litadhoofika kwa ajili hiyo. Ili makundi yenye waonyaji yashinde, ingelazimu makundi ya wanyamazao yafe kwa haraka kuliko ukimya unavyoenea ndani ya kila kundi. Zaidi ya hayo, madume wa tumbili huhama wanapopevuka, wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, na kwa kuhama huko hupeleka urithi wao kutoka kundi moja hadi jingine, kiasi kwamba tofauti kati ya makundi hufifia. Manufaa ya kundi peke yake hayawezi kuubeba mzigo huo.

“Mwalimu, kwa hiyo kinachomfanya apige kelele ni nini?” niliuliza.

Alichukua daftari langu akaandika rB > C, kanuni aliyoitoa mwanabiolojia William Hamilton mwaka 1964: tabia ya kumsaidia mwenzio huenea pale r ikizidishwa kwa B inapozidi C. C ni gharama anayolipa mtendaji, B ni faida anayopata mwenziwe, na r ni kipimo cha udugu, yaani uwezekano kwamba jeni fulani ya mmoja imo pia kwa mwingine kwa sababu ya kurithi kutoka asili moja. Kwa mama na mtoto wake r ni nusu. Kwa bibi na mjukuu ni robo, na vivyo hivyo kwa ndugu waliochangia mama tu, jambo la kawaida kwa tumbili kwa kuwa jike hazai na dume mmoja maisha yake yote.

Kisha tukamhesabu Pengo, kwa tarakimu ambazo mwalimu alizibuni makusudi ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme bila onyo kila mmoja wa wale wadogo watatu alikuwa na nafasi moja katika kumi ya kukamatwa, na onyo liliondoa hatari hiyo yote. Kwa mtoto wa kwanza Pengo anapata nusu ya moja ya kumi, yaani 0.05. Kwa wa pili anapata 0.05 nyingine. Kwa mjukuu anapata robo ya moja ya kumi, yaani 0.025. Jumla ni 0.125. Maana yake ni kwamba jeni inayomsukuma kupiga kelele itafaidika hata kama kelele hiyo inamwongezea Pengo hatari ya kufa hadi karibu asilimia 12, huku tukiwa hatujawahesabu binti yake mkubwa wala ndugu wengine waliokuwa karibu. Lakini waondoe hao watatu, uweke wadogo wa jike asiye na uhusiano naye, na upande wa faida unabaki karibu na sifuri. Hapo hata hatari ya asilimia moja ni ghali.

Naona watu wengi wakiisoma kanuni hii hudhani kwamba tumbili anapiga hesabu kichwani, kama muuza duka. Hapigi. Kinachotendeka ni kwamba katika vizazi vingi, majike waliokuwa wepesi wa kuonya walipozungukwa na watoto wao waliacha uzao mkubwa zaidi. Na kwa tumbili mazingira yenyewe yanasaidia, kwa sababu majike hawahami. Jike huzeeka mahali alipozaliwa, akiwa na mama, dada, mabinti na wajukuu. Anayepiga kelele kundini mwake ana uwezekano mkubwa wa kusikiwa na jamaa.

Tulikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba msikilizaji ana uzito. Miaka miwili kabla ya siku hiyo Cheney na Seyfarth walikuwa wamechapisha majaribio waliyofanya kwa tumbili wa kufugwa, ambamo majike walitoa milio ya tahadhari mara nyingi zaidi walipokuwa na watoto wao kuliko walipokuwa na wadogo wa rika lilelile wasio jamaa zao. Madume nao walionya zaidi walipokuwa na majike kuliko walipokuwa na madume wenzao. Kama mlio ungekuwa mshtuko tu unaomtoka mnyama akiona adui, aliye jirani yake asingebadilisha kitu.

Na siku ileile tuliona upande wa pili wa jambo hilo. Chui alipoona ameshatambuliwa hakumrukia Pengo. Aliinuka taratibu, akawatazama mara moja, akaondoka kuelekea bwawani. Chui huwinda kwa kuvizia, na akishaonekana na windo lililo mtini, kuendelea kungoja ni kupoteza muda. Kwa hiyo C ya Pengo ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani nilipomwona amejianika kwenye lile tawi, na pengine kelele ile ilimlinda hata yeye. Tulimfuata chui kwa gari kwa mbali. Njia yake ilipita chini ya mgunga uliosimama peke yake, na juu yake alikuwa dume kijana tuliyemfahamu, aliyekwisha kuacha kundi la mama yake na hajapokewa kwingine. Alimwona chui, hilo lilikuwa wazi, maana alijibana kwenye tawi na kichwa chake kilimfuata hatua kwa hatua. Hakutoa sauti yoyote. Watafiti wa Amboseli walikwisha kuandika kwamba tumbili aliye peke yake hunyamaza mbele ya chui, lakini kuliona jambo hilo muda mfupi baada ya ghasia za kundi la Pengo kulinipa maana ya r na B kuliko ubao wowote.

Sitaki kusema kwamba kundi halina kazi katika habari hii. Katika miaka hiyohiyo baadhi ya makundi ya Amboseli yalipungua mpaka waliobaki wakalazimika kujiunga na majirani, wakiacha eneo lao. Jike anayewapoteza wenzake hupoteza macho ya kuangalia maadui na nguvu za kugombea mipaka, hivyo hata asiye jamaa ana thamani fulani kwake akiwa hai. Thamani hiyo, hata hivyo, inaingia katika hesabu ya jike mwenyewe, kama faida inayomrudia.

Lipo pia lisilokaa vizuri katika kanuni. Huko Amboseli tumbili wa vyeo vya juu walionekana kuonya zaidi kuliko wa vyeo vya chini, ilhali mama wa cheo cha chini naye ana watoto wa kuwaokoa. Asubuhi ile jike mmoja wa aina hiyo alikuwa na kichanga kifuani, akapanda mti bila kutoa mlio. Mwalimu alisema kwamba huenda Pengo alipokwisha kuonya, mlio wa pili haukuwa na la kuongeza, kwa kuwa B huhesabiwa kwa tofauti ambayo mlio huo unaleta. Maelezo hayo yanamtosha jike aliyechelewa. Hayamwelezi yule wa cheo cha chini anayekuwa wa kwanza kumwona chui akanyamaza, na ndiyo sababu kuanzia siku iliyofuata fomu zetu ziliongezwa safu mbili: nani alimwona adui kwanza, na nani alikuwa karibu naye.