Maumivu ya kifandugu baada ya kujifungua: nilivyojifunza kukaa upya

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa kuvutwa na vakyumu, baada ya mimi kusukuma kwa muda mrefu. Mshono ulipona vizuri, lakini kukaa kukawa adhabu. Kila nilipokaa kunyonyesha, maumivu makali yalinichoma mwisho kabisa wa uti wa mgongo, kwenye mpasuo wa makalio. Nikisimama au nikilala ubavu yanatulia, nikiegemea nyuma kwenye kochi yanazidi. Lakini palipouma kuliko pote ni pale ninapoinuka: sekunde ile makalio yanapoachana na kiti, nilikuwa nashika meza na kubana meno.

Kliniki ya baada ya uzazi nikamweleza mkunga. Akaniambia nilale ubavu, akabonyeza taratibu kwa kidole kimoja kuteremka mgongo wa chini hadi akafika mahali nikaruka. "Pole mama," akasema, "hicho ni kifandugu." Akaniuliza kama nina homa, kama kuna uvimbe au usaha kwenye mpasuo wa makalio, kama miguu inakosa nguvu, kama nimekufa ganzi sehemu za siri, kama mkojo au choo vinatoka bila kujizuia. Yote nilijibu hapana. Kama jibu lolote lingekuwa ndiyo, alisema, angenipeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Eksirei hakuona haja ya kuanza nayo, kwa sababu hata mfupa ukiwa umepata ufa, tiba ya mwanzo ni ileile.

Alinieleza kwamba kifandugu ni vipingili vidogo, 3 hadi 5, vilivyo mwisho wa uti wa mgongo. Mtoto anapopita, vinasukumwa nyuma ili kumpisha, na kano zinazovishika zinaweza kuvutika kupita kiasi. Mtu akianguka kwa makalio, vinapata kishindo kutoka chini. Kitu ambacho sikukijua kabisa ni kwamba misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo na choo, imejishikiza kwenye mfupa huo. Ukiumia, misuli hiyo hukakamaa kujilinda, na inavyokakamaa inazidi kuuvuta mfupa unaouma. Ndiyo maana jeraha linaweza kuwa linapona huku maumivu yakiendelea. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kuuondolea mfupa uzito, na kuifanya misuli ilegee.

Kuhusu uzito, nilianza na mto. Wengi hushauriwa mto wa duara wenye tundu katikati, na kwa mwenye mshono au bawasiri unaweza kusaidia. Kwangu mimi ukingo wa nyuma wa duara ulikaa palepale panapouma. Mto unaofaa kwa kifandugu uko wazi upande wa nyuma, umbo la kiatu cha farasi. Nilitengeneza mwenyewe kwa sponji gumu la godoro, unene wa sentimita 8 hivi. Nilikata kipande cha upana wa kiti, kisha nikakata pengo ukingo wa nyuma, katikati: upana wa kama vidole vinne na urefu wa kiganja. Nikakaa pengo likiwa nyuma yangu, nikapitisha vidole chini ya kifandugu. Vilipita bila kugusa sponji wala kiti, basi nikajua umefaa. Vidole vikibanwa, ama sponji ni laini mno na linabonyea, ama pengo ni fupi. La kwangu lilihitaji kuongezwa urefu kidogo tu.

Mto peke yake hautoshi kama bado unakaa kwa kujilaza nyuma, maana ukilaza mgongo, makalio yanateleza mbele na uzito unaangukia kifandugu. Nilijizoesha kuinama kidogo mbele kuanzia kwenye nyonga, nyayo zote chini, uzito ukiwa kwenye mapaja na ile mifupa miwili ya makalio unayoihisi ukikaa juu ya ubao. Kunyonyesha ndiko kulikosumbua, maana mtoto anakuvuta ujikunje. Nikawa namweka juu ya mito ili afikie ziwa bila mimi kujikunja, na usiku nanyonyesha nikiwa nimelala ubavu, mto katikati ya magoti, nikiwa macho.

Kuinuka kulihitaji utaratibu wake. Unasogea hadi ukingo wa kiti, unarudisha miguu nyuma kidogo chini ya magoti, unainamisha kifua mbele, unabana makalio yote mawili, ndipo unasimama kwa nguvu za mapaja. Ukibana makalio kwanza, uchungu wa ile sekunde unapungua sana. Na usisubiri maumivu yapande ndipo usimame. Nilikuwa nainuka kila baada ya dakika 20 au 30, hata kama ni kuzunguka chumba mara moja.

Choo kigumu ni adui mkubwa wa kifandugu, kwa sababu kinapita jirani yake na kujikamua kunausukuma mfupa. Maji ya kutosha, matunda na mboga vilinisaidia, na kama ni choo cha kukaa, kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yawe juu ya nyonga.

Kwa maumivu yenyewe nilitumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 inapobidi, nikiacha angalau saa 6 kabla ya kurudia. Ibuprofeni nayo huruhusiwa kwa anayenyonyesha, ila inywewe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo aiepuke. Kitambaa cha maji ya moto, dakika 15 hivi, kilinituliza jioni. Dada yangu, ambaye aliwahi kuteleza bafuni akaangukia makalio, yeye siku za mwanzo alitulizwa zaidi na barafu iliyofungwa kwenye taulo.

Kulegeza misuli ndiko kulikonisogeza mbali zaidi. Nalala chali, navuta goti moja kuelekea kifuani, nahesabu hadi 30 huku nikipumua polepole, kisha goti la pili. Baadaye naweka mikono tumboni, navuta pumzi hadi tumbo lipande, na ninapovuta naiachia sehemu ya chini kama mtu anayeanza kukojoa. Mwanzoni sikuhisi chochote kikilegea. Siku moja nilihisi pale chini panashuka kidogo, na nilipokaa baadaye ule uchungu ulikuwa umepungua makali. Hapa niseme kitu kwa wanaonyonyesha wenzangu: mazoezi ya kubana nyonga tunayofundishwa baada ya uzazi ni mazuri, lakini kama kila ukibana kifandugu kinauma zaidi, yasitishe na uanze kwanza na kulegeza.

Nafuu ilikuja kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, ndani ya wiki kadhaa na kuendelea. Kwanza kuinuka, kisha kukaa kwenye kiti kigumu. Viti laini vya kuzama vilichelewa kuliko vyote. Wengi hupona hivi bila matibabu makubwa. Ikipita miezi miwili au mitatu bila mabadiliko, rudi hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga. Kuna misuli inayoweza kulegezwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa au uke, kwa ridhaa yako. Kukishindikana, daktari anaweza kupiga eksirei ukiwa umekaa na ukiwa umesimama ili kuona kama mfupa unacheza kupita kiasi, au kuchoma sindano ya ganzi na steroidi mahali hapo. Upasuaji wa kukiondoa kifandugu upo, lakini hufanywa kwa wachache sana, baada ya njia nyingine zote kushindwa.