Nilivyoitoa "ilibainika" kwenye taarifa ya maji

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji kijijini kwetu, na kila baada ya miezi mitatu naandika taarifa ya utekelezaji inayokwenda wilayani. Kwa muda mrefu nilifuata mtindo wa taarifa za zamani nilizozikuta kabatini, nikiamini ndio urasimi wenyewe. Kisha taarifa ya robo ya tatu ya mwaka wa fedha ikarudi. Pembeni mwa aya moja afisa aliyeisoma alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno moja, mara nne: "Nani?" Aya yenyewe ni hii:

"Katika kipindi hiki ukaguzi wa vituo vya kuchotea maji ulifanyika na ilibainika kuwa vituo 4 kati ya 11 vimeharibika. Hatua za matengenezo zilichukuliwa na vituo 3 vilirejeshwa katika hali ya kawaida. Aidha, kikao kiliitishwa na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kamati alielekezwa kuhakikisha fedha zilizokusanywa zinapelekwa benki. Ilishauriwa elimu itolewe kwa wananchi."

Nilichukua penseli nikaanza kuzungushia kila kitenzi chenye "-wa" au "-we" mwishoni: zilichukuliwa, vilirejeshwa, kiliitishwa, alielekezwa, zilizokusanywa, zinapelekwa, ilishauriwa, itolewe. Penseli inafaa kuliko kutafuta "wa" kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta inaleta kila "wa" ya umilikaji, na hata vitenzi kama "chelewa" na "elewa," ambavyo vina umbo hilo lakini havina mtu mwingine aliyejificha nyuma yake. Mkandarasi aliyechelewa amechelewa mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kazi imeishia kwenye "-wa." Niliona "ukaguzi ulifanyika" haina "-wa," nikaridhika. Nilipoisoma tena nikaona hiyo ni mbaya zaidi. Kauli ya kutendwa angalau inaacha nafasi ya kuongeza "na kamati." Kauli ya kutendeka, ile ya "-ika" na "-eka," haina nafasi hiyo kabisa: huwezi kusema "ukaguzi ulifanyika na kamati" ukaeleweka kuwa kamati ndiyo iliyokagua. "Ilibainika," "ulifanyika" na "vimeharibika" vinamfuta mtendaji, yaani aliyefanya kitendo, kuliko "-wa" yoyote. Hivyo nikavizungushia navyo.

Lililonishtua zaidi ni lile neno dogo "na." Linamtaja mtendaji, na pia linaunganisha. Soma tena: "kikao kiliitishwa na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kamati alielekezwa…" Msomaji anafika kwenye "mwenyekiti wa kamati" akidhani watu wawili ndio walioitisha kikao, kisha anakuta "alielekezwa" na inabidi arudi nyuma. Ukimtanguliza mtendaji, utata unakwisha wenyewe: "Mtendaji wa kijiji aliitisha kikao tarehe 14 Februari. Kikao kilimwelekeza mwenyekiti wa kamati kupeleka benki fedha za maji kila Ijumaa."

Rasimu yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa wazi, lakini heshima iliipotea. Niliandika: "Tukaenda tukaangalia vituo, tukakuta vinne vimekufa, fundi akatengeneza vitatu." Mtu akiisoma anasikia hadithi ya barazani. Nilitafuta kilichoishusha, nikaona ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohusu kauli ya kutenda. La kwanza ni "-ka-," ambayo ni ya masimulizi. Kwenye taarifa nashika "-li-," kisha naunganisha kwa "na ku-": "ilikagua na kukuta." La pili ni "sisi." Badala yake naweka chombo chenye mamlaka: kamati, jumuiya, kikao, ofisi. Hapo upatanisho lazima ubaki sahihi, "kamati ilikagua," kwani "kamati walikagua" inarudisha lugha ya mazungumzo papo hapo. La tatu ni kitenzi chenyewe. "Alisema wafanye" ikawa "aliagiza", "walikubali bajeti" ikawa "waliidhinisha bajeti." Urasimi nilioutaka ulikuwa humo, wala haukuhitaji "-wa."

Kulikuwa na aya nyingine ambako kitu ndicho kilichopaswa kutangulia, maana habari yote ilihusu pampu. Hapo zamani ningesema "pampu ilinunuliwa." Lakini Kiswahili kinaruhusu kuitanguliza pampu na bado kitenzi kikawa cha kutenda, mradi kiambishi cha mtendwa kikae ndani yake: "Pampu hiyo jumuiya iliinunua mwezi Januari, na fundi aliifunga wiki hiyohiyo." Pampu imebaki mbele na watendaji wameonekana. Njia hii situmii kila sentensi, kwa kuwa ikirudiwarudiwa inachosha, lakini aya inapohusu kitu kimoja inasaidia sana.

Ugumu halisi ulikuja nilipofika kwenye "hatua zilichukuliwa." Nilitaka kuandika jina la kazi ya mtu, nikagundua silijui. Nikampigia fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, katibu."

"Vile vituo vitatu ulivitengeneza wewe?"

"Mimi. Nilibadilisha koki."

"Na kile cha nne, cha karibu na shule?"

"Kile hakuna aliyenituma, mama. Kinataka bomba jipya, na bomba hununua kamati."

Mwenyekiti naye alidhani fundi anakishughulikia. Kwa wiki kadhaa watu wa upande ule walichota mbali, na taarifa yangu ilikuwa imelifunika jambo hilo kwa maneno mawili. "Elimu itolewe" ilikuwa hivyohivyo: hakuna aliyepangiwa kuitoa. Sikuweza kuitengeneza sentensi hiyo mezani. Ilibidi kamati ikae na kumtaja mtu.

Aya niliyoituma upya ilikuwa hivi:

"Kamati ya maji ilikagua vituo vyote 11 vya kuchotea maji kati ya tarehe 6 na 9 Februari na kukuta vituo 4 havitoi maji. Fundi wa jumuiya alibadilisha koki katika vituo 3, na vyote vinatoa maji. Kituo cha nne kinahitaji bomba jipya, ambalo kamati itanunua kabla ya tarehe 15 Aprili. Mtendaji wa kijiji aliitisha kikao tarehe 14 Februari. Kikao kilimwelekeza mwenyekiti wa kamati kupeleka benki kila Ijumaa fedha zilizokusanywa vituoni. Mhudumu wa afya ya jamii atatoa elimu ya utunzaji wa vituo katika mkutano wa kijiji wa mwezi Mei."

Utaona "zilizokusanywa" imebaki. Wakusanyaji ni wengi, kila kituo kina wake, na kuwataja pale kungeivuta sentensi kando bila faida. Nimeacha "-wa" pia kwenye aya ya mita iliyopotea: "Mita ya kituo cha sokoni iliibwa." Wapo watu wanaotaja jina fulani mtaani, lakini polisi hawajamaliza uchunguzi, na taarifa ya jumuiya haina haki ya kumtwika mtu wizi. Nilichofanya ni kuongeza sentensi ya mtendaji ninayemjua: "Mwenyekiti wa kamati aliripoti wizi huo kituo cha polisi siku iliyofuata."

Safari hii taarifa haikurudi na wino mwekundu. Afisa alipiga simu kuuliza jambo moja tu: bomba la kile kituo cha nne ni la inchi ngapi, ili aone kama lipo ghalani wilayani.