Kepsheni ya studio: kumbukumbu za kazi, kuanzia bei hadi saa ya mteja wa mwisho

Jumatatu

Nimeanza kuandika upya kepsheni ya studio yetu hapa Ngamiani, Tanga. Nataka ikae juu kabisa kwenye Instagram, na maneno hayohayo yabandikwe mlangoni. Kipimo changu ni kimoja: aliyeisoma aje akijua atalipa ngapi, ataondoka na nini na lini, bila kupiga simu kwanza.

Instagram inaonyesha takriban herufi 125 za mwanzo, zinazobaki zinajificha mpaka msomaji abonyeze. Kwa hiyo salamu na sifa zote nimezitoa. Mstari wa kwanza ni bei, muda na mahali.

Jumanne

Leo nimeshughulika na bei ya paspoti saizi. Swali la kwanza la kaunta kila siku ni "nne bei gani?", na bei ya nne ndiyo inayotuletea ubishi. Picha ya kawaida ya pasi ina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 zinaingia nne kwa mlalo na mbili kwa wima, jumla 8, na pembeni inabaki sentimita moja hivi ya kukatia. Anayetaka nne anatumia karatasi ileile, wino uleule na muda uleule. Nimeamua bei iwe ya karatasi: 8 kwa shilingi 5,000. Zinazobaki ataziweka kwenye bahasha. Shuleni au kazini hazikosi kuhitajika.

Viza ya Marekani ina hesabu yake. Picha yake ni ya mraba, inchi 2 kwa 2, na kichwa kuanzia kidevu hadi utosi kiwe kati ya milimita 25 na 35. Kwenye karatasi yetu zikipangwa sita zinajaa mpaka ukingoni, hakuna pa kupitisha kisu. Tunachapa mbili, zikatwe vizuri. Karatasi ni ileile, bei ileile 5,000. Jambo hili nimeliandika wazi, maana mtu akiona mwenzake amepewa nane na yeye mbili kwa pesa ileile, lazima aulize.

Jumatano

Muda. Zamani tuliandika "papo hapo", na kila mtu alikuwa na papo hapo yake. Sasa nimeandika dakika 15 baada ya kupigwa. Ndani yake mna kuchagua picha, kupima kichwa, kuchapa, kukata na kukagua. Foleni haimo. Siku za kufungua shule mtu anaweza kusubiri kiti muda mrefu kuliko picha yenyewe, kwa hiyo maneno "baada ya kupigwa" hayaondoki.

Alasiri alikuja mama na mtoto wa miezi mitatu, anahitaji picha ya pasi. Kwa mtoto wa umri huo dakika 15 siziahidi. Tulitandika shuka jeupe sakafuni karibu na dirisha, tukalivuta hadi mikunjo ikaisha, mtoto akalazwa chali. Nilisimama juu yake nikihakikisha kivuli changu hakimfikii usoni. Macho yanatakiwa yawe wazi, mdomo umefungwa, na mkono wa mama usionekane. Kila alipofungua macho alifungua na mdomo. Nikamwambia mama, "Mnyonyeshe kwanza, dada, hatuna haraka." Aliponyonya akatulia, akatazama juu, nikapata fremu mbili safi. Kepsheni imeongezwa mstari: watoto wachanga waje asubuhi, wameshiba.

Alhamisi

Picha za familia. Rasimu ilisema "kuanzia 30,000". Nikampa jirani anayeuza vitumbua aisome kwenye simu yake, nikamuuliza: wewe na mume wako na watoto watatu mtalipa ngapi? Akajibu, "Hapo sijui, labda elfu hamsini." Neno "kuanzia" limefutwa saa hiyohiyo. Pazia letu lina upana wa mita 3, linabeba watu 8 kwa safu mbili bila wa pembeni kutokeza nje ya kitambaa. Basi bei ni 30,000 kwa familia ya watu hadi 8: picha moja ya inchi 8 kwa 10 iliyochapwa, na picha 5 za kwenye simu. Wakizidi 8, tunazungumza kabla ya kupiga.

Picha ya familia inachukua siku 2 kwa sababu kila uso unasahihishwa peke yake, na mara nyingi macho ya mmoja huchukuliwa kutoka picha nyingine tuliyowapiga. Yenye fremu ya ukutani ni siku 4. Fremu anakata fundi, siyo sisi.

Ijumaa

Saa. Nimetenganisha saa ya kufunga na saa ya kumpokea mteja wa mwisho. Tunafunga saa 12 jioni, lakini familia ikiingia saa 11 na nusu, watoto hawajabadilisha nguo, mtu anapigwa huku taa zinazimwa. Hiyo siyo picha ya kuning'inizwa sebuleni. Mwisho wa familia ni saa 10 na nusu. Na kila saa nimeiandikia asubuhi, mchana au jioni, maana simu ya mtu inasoma 9:00 wakati yeye anasema saa tatu.

Jumamosi, imekamilika

"Paspoti saizi 8 kwa 5,000, unazipata dakika 15 baada ya kupigwa. Picha ya familia 30,000. Ngamiani, Tanga. Huhitaji miadi.

Viza ya Marekani (inchi 2 kwa 2): picha 2 kwa 5,000. Miwani inavuliwa. Njoo na maelekezo ya fomu yako, tupime kabla ya kuchapa. Nakala ya kutuma mtandaoni: ongeza 2,000.

Pazia la pasi ni jeupe, hivyo vaa nguo yenye rangi. Watoto wachanga waje asubuhi, wameshiba.

Familia, watu hadi 8: picha 1 ya inchi 8 kwa 10 na 5 za kwenye simu. Siku 2, yenye fremu siku 4, bei ya fremu utachagua dukani. Malipo nusu kabla, nusu ukichukua.

Jumatatu hadi Jumamosi: saa 2:30 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Mwisho wa kupokea paspoti saa 11:30 jioni, familia saa 10:30 jioni. Ijumaa tunafunga saa 6:00 hadi saa 8:00 mchana kwa sala. Jumapili: saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri.

Umeme ukikatika tunapiga, kuchapa kunasubiri. Tutakuambia kabla hujalipa. Namba ya simu ipo kwenye wasifu."

Nakala ya mtandaoni imeniletea kazi moja zaidi. Fomu ya viza ya Marekani inataka JPEG ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600, isiyozidi kilobaiti 240. Ikitumwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora njiani. Nimembandikia binti wa kaunta karatasi pembeni ya kompyuta: itume kama dokumenti, na mteja aifungue mbele yako kabla hajaondoka.

Kinachobaki ni kuchapa ya mlangoni kwa herufi kubwa, mistari ya saa ikiwa juu, kwa sababu anayesimama mlangoni tayari anajua sisi ni studio; anachotaka kujua ni kama tumefungua.